Kuidai halmashauri: kutoka LPO hadi fedha kuingia benki

Fundi akimuuzia jirani dawati, hulipwa siku linapopakiwa. Akiiuzia halmashauri dawati lilelile, hulipwa karatasi zikishapita meza sita au saba, na kila meza ina haki ya kuzirudisha. Wazabuni wengi wadogo hudhani ucheleweshaji huanza siku wanapopeleka ankara. Kwa ninavyoona, sehemu kubwa huwa imeshaamuliwa kabla mzigo haujatoka karakana: fedha ipo au haipo, mwaka wa fedha umebaki miezi mingapi, na je, majina na namba kwenye karatasi zitalingana.

Mwongozo huu ni wa mzabuni mdogo wa Tanzania anayeiuzia halmashauri bidhaa. Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Karakana ya useremala imepata oda ya madawati 150 kwa bei ya shilingi 90,000 kila moja, jumla 13,500,000, ya kupelekwa shule tano za msingi, madawati 30 kila shule. Tuseme mwenye karakana ni mama mmoja ambaye hajasajiliwa VAT. Bei hizi ni za mfano tu, weka za kwako.

Kabla ya kununua hata ubao mmoja

Oda halali siku hizi huanzia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Halmashauri nayo hulipa kupitia MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini. LPO, yaani hati rasmi ya oda, inapotoka ndani ya mfumo, kiasi chake hushikiliwa kwenye kasma husika, yaani fungu la bajeti, kwa hiyo fungu hilo haliwezi kutumika kwa kitu kingine huku wewe ukisubiri. Ndiyo maana maneno ya hatari kuliko yote katika biashara hii ni “leta mzigo, LPO itafuata”. Anayeyasema huenda ana nia njema kabisa na ana haraka ya kweli, labda mkuu wa mkoa anakuja kukagua shule. Lakini mzigo uliopokelewa kabla ya LPO ni hoja ya ukaguzi, na mhasibu hataki jina lake liandikwe kwenye hoja ya CAG kwa ajili ya madawati yako. Ataliweka faili pembeni mpaka atakapopatikana wa kubeba lawama, na huyo hapatikani upesi.

Kwa hiyo subiri LPO. Ikifika, isome kama unavyosoma hati ya kiwanja. Tazama jina la biashara, namba ya TIN, maelezo ya bidhaa, idadi, bei, mahali pa kupeleka na tarehe ya mwisho. Kama leseni yako inasema “Amani Furniture” na LPO inasema “Amani Funiture Workshop”, omba irekebishwe leo, kabla msumari wa kwanza haujagongwa. Baada ya mzigo kufika, marekebisho hayo yanaweza kukugharimu wiki kadhaa, kwa sababu tayari yatakuwa yamegusa nyaraka nyingine nne.

Halafu uliza swali ambalo wazabuni wengi huona aibu kuliuliza: fedha ya oda hii inatoka wapi? Jibu ndilo litakalokuonyesha utasubiri kwa muda gani. Kama ni fedha ya mradi iliyokwishaingia kwenye akaunti, kinachobaki ni mwendo wa karatasi. Kama ni ruzuku ya matumizi mengineyo kutoka Hazina, bajeti inaweza kuwepo huku fedha yenyewe haijatoka. Kama ni mapato ya ndani, unategemea makusanyo ya halmashauri, nayo yana msimu. Halmashauri ya Mtwara au Lindi inayotegemea ushuru wa korosho hupata nguvu minada inapoanza, mwezi Oktoba na kuendelea. Ukiidai mwezi Agosti utakuta kila mtu anakupokea vizuri na hakuna fedha. Kwingine ni ushuru wa mpunga, wa mahindi au wa mifugo, lakini mantiki ni ileile: jua halmashauri yako inavuna lini.

Swali hilo mpelekee mweka hazina au mhasibu wa matumizi, si mkuu wa idara aliyekupa kazi. Mkuu wa idara anajua mahitaji yake na bajeti yake. Akaunti ina nini, anajua mweka hazina.

Tarehe nayo ina uzito. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. LPO inayotoka Oktoba ina nafasi ya kurudishwa mara mbili na bado ikalipwa ndani ya mwaka. Inayotoka mwishoni mwa Mei haina nafasi hiyo. Kila idara inakimbiza matumizi yake wakati huo, foleni kwa mhasibu ni ndefu, na faili likirudishwa mara moja tu unaukuta mwaka umefungwa. Julai nayo huanza polepole, bajeti mpya inapoingizwa kwenye mfumo. Ukipokea oda ya Mei, hesabu kwamba unaweza kulipwa Septemba au baadaye, kisha uamue kama bei yako inabeba subira hiyo.

Kukabidhi mzigo ndiko kunakotengeneza madai

Madawati yakifika shuleni, mzazi anaona madawati na mwalimu anaona madawati. Mhasibu haoni chochote mpaka karatasi tatu zifike mezani kwake. Ya kwanza ni hati yako ya kupeleka mzigo, ile ambayo wengi huiita delivari, ikiwa na saini na muhuri wa aliyepokea. Ya pili ni ripoti ya kamati ya ukaguzi na mapokezi, inayosema bidhaa zimekaguliwa na zinalingana na LPO. Ya tatu ni hati ya mapokezi ya stoo, GRN, inayoonyesha kwamba mali imeingizwa kwenye vitabu vya halmashauri.

Hapa ndipo oda ya shule tano inapogeuka kuwa ngumu kuliko ilivyoonekana. Kamati ina watu wenye kazi nyingine, na wanahitaji usafiri kwenda shule tano ambazo pengine zipo tarafa mbili tofauti. Usipopanga nao mapema, mzigo utakaa wiki tatu shuleni bila kukaguliwa, na kisheria utakuwa bado haujapokelewa. Andika barua fupi kwa mkurugenzi angalau wiki moja kabla, utaje tarehe ya kupeleka na uombe kamati iwepo. Halmashauri nyingine hukubali mzigo wote ukaguliwe sehemu moja, kwa mfano makao makuu au kwenye karakana yako, ndipo usambazwe. Ukiweza kupata kibali hicho kwa maandishi, umejiokolea siku nyingi.

Tuseme haikuwezekana, na mama mwenye karakana amepeleka shule kwa shule. Shule nne zimekwenda vizuri. Shule ya tano mwalimu mkuu yupo semina mjini, amepokea mwalimu wa zamu, amesaini kwa jina moja tu na muhuri umefungiwa ofisini. Dereva anataka kurudi kabla ya giza, mama anasema haya, tutamalizana baadaye. Matokeo yake madawati 30 ya mwisho yanashikilia malipo ya yote 150, maana LPO ni moja na ripoti ya kamati ni moja.

Kinga ya jambo hili ni kupiga simu kwa kila mwalimu mkuu siku moja kabla na kuuliza mambo mawili: utakuwepo, na muhuri utakuwepo? Beba delivari za nakala tatu, moja ya shule, moja ya faili la madai, moja yako. Aliyepokea aandike jina lake kamili, cheo, tarehe na idadi kwa maneno na tarakimu. Kama dawati moja limevunjika njiani, iandikwe 29, wala usikubali iandikwe 30 kwa ahadi kwamba utaleta jingine kesho. Upungufu ulioandikwa hutatuliwa kwa delivari ya nyongeza. Ukifichwa na kamati ikaja kuhesabu, hutatuliwa kwa maelezo marefu.

Piga picha kila karatasi kwa simu papohapo, kabla haijatoka mkononi mwako. Nakala ya karatasi ya shule ya tano inaweza kupotea kati ya idara ya elimu na ya ununuzi, na picha yenye muhuri ikakuepusha na safari ya kilomita 60 kwenda kuomba saini upya.

Faili la madai

Ankara peke yake si madai. Unachopeleka ni faili, nalo likifunguliwa lazima lijibu maswali ya mtu ambaye hakuwepo na hakufahamu. Kwa bidhaa, huwa na barua ya madai, ankara, nakala ya LPO, delivari zote, ripoti ya kamati, GRN, nakala ya cheti cha TIN, leseni ya biashara iliyo hai, cheti cha uthibitisho wa ulipaji kodi na maelezo ya akaunti ya benki. Baadhi ya halmashauri hutaka pia stakabadhi ya ushuru wa huduma. Ripoti na GRN hutengenezwa na wao, lakini usikae ukidhani vitajiunga na ankara yako vyenyewe. Ulizia nakala, na kama hawakupi nakala, ulizia walau tarehe na namba.

Kwa kazi za huduma, nafasi ya delivari na GRN huchukuliwa na ripoti ya kazi pamoja na uthibitisho wa mkuu wa idara kwamba kazi imefanyika. Kwa ujenzi ni hati ya vipimo na cheti cha mhandisi. Sitaingia huko.

Barua ya madai iwe fupi. Mfano:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ________,
S.L.P. ____

Yah: MADAI YA SHILINGI 13,500,000 KWA MADAWATI 150, LPO NAMBA ______

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Madawati 150 yaliyoagizwa kwa LPO tajwa yalikabidhiwa katika shule tano kati ya tarehe ____ na ____, na kukaguliwa na kamati tarehe ____. Ninaomba kulipwa shilingi milioni kumi na tatu na laki tano (13,500,000) kupitia akaunti namba ______, jina la akaunti ______, benki ya ______, tawi la ______.

Viambatanisho: ankara namba ____, LPO, delivari tano, ripoti ya kamati, GRN namba ____, TIN, leseni, cheti cha kodi.

Wako,

Peleka nakala mbili masjala. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi nawe. Usimpe mhasibu mkononi kwa sababu mnafahamiana. Barua isiyopita masjala haina tarehe ya kuzaliwa, na siku utakapotaka kuonyesha kwamba umesubiri siku 120 hutakuwa na pa kuanzia kuhesabu.

Kabla hujalifunga faili, lipitie lote kwa jambo moja tu: kulingana. Jina kwenye LPO, ankara, TIN, akaunti ya benki na usajili wa NeST lifanane herufi kwa herufi. Tarehe ziwe na mpangilio wa akili: LPO kwanza, delivari baadaye, ukaguzi baadaye, ankara mwisho. Delivari yenye tarehe ya kabla ya LPO ni kosa linalorudisha faili hata kama ni mkono tu uliteleza kalamu. Maelezo ya bidhaa nayo yafanane. Kama LPO inasema “dawati la viti vitatu, mbao ngumu, fremu ya chuma”, ankara isiandike “madawati ya shule” kwa ufupi. Na akaunti ya benki ijaribiwe. Akaunti iliyolala au iliyobadilishwa jina huyarudisha malipo yaliyokwishatumwa, na kuyatuma upya ni mchakato mwingine.

Risiti ya EFD na makato

Swali la risiti huwachanganya watu wengi. Halmashauri inataka risiti ya EFD kwa sababu malipo yasiyo na risiti hiyo ni hoja ya kudumu kwenye ripoti za ukaguzi. Wewe, ukishaitoa, mashine imeitangazia TRA kwamba umeuza, hata kama shilingi haijaingia. Kwa mama wa karakana ambaye hajasajiliwa VAT, athari yake ni kwamba mauzo ya Mei yanaingia kwenye hesabu za kodi ilhali fedha itaonekana Oktoba.

Kwa aliyesajiliwa VAT, jambo ni zito zaidi. Kodi hudaiwa kwa kutazama lile linalotangulia kati ya ankara, malipo na kukabidhi mali, na ritani yake inapaswa kuwasilishwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kama bei ya 13,500,000 ni kabla ya VAT, asilimia 18 ni shilingi 2,430,000. Hata ukipunguza VAT uliyolipa kwenye malighafi, bado utatoa mfukoni kodi ya fedha ambayo hujaipata. Tangu Julai 2025 taasisi za serikali hushikilia sehemu ya VAT hiyo zinapolipa, asilimia 3 ya thamani kwa bidhaa na 6 kwa huduma, na wewe huidai kama kodi iliyokwishalipwa. Hilo halikusaidii kwenye miezi ya kusubiri, kwa sababu makato yanakuja malipo yanapokuja.

Zungumza na mhasibu mapema: je, vocha inaweza kuandaliwa kwa ankara, halafu risiti ya EFD ikatolewa malipo yanapokaribia kuidhinishwa? Ofisi nyingine hukubali, nyingine hazikubali kabisa. Wasipokubali, basi kodi ni sehemu ya gharama unazozibeba ukisubiri, na iingie kwenye mpango wa fedha kama inavyoingia mbao.

Kuna pia kodi ya zuio. Serikali ikimlipa mzabuni wa bidhaa hukata asilimia 2, na kwa huduma asilimia 5. Kwa oda yetu ni shilingi 270,000, kwa hiyo benki itaingia 13,230,000. Watu huja juu wakiona pungufu hilo, lakini fedha haijapotea. Ni kodi yako ya mapato iliyolipwa kwa niaba yako, na cheti cha makato hayo ndicho ushahidi. Kidai cheti wiki hiyohiyo. Ukikidai mwaka unaofuata, mhasibu aliyekata huenda amehamishiwa wilaya nyingine.

Fedha za kuishi ukisubiri

Sasa tufanye hesabu ya karakana. Kila dawati linagharimu mbao, chuma, rangi na misumari shilingi 62,000, fundi 10,000, usafiri 4,000. Jumla 76,000. Faida ni 14,000, na kwa madawati 150 ni shilingi 2,100,000. Gharama ya kuitekeleza oda nzima ni 11,400,000. Mama ana fedha taslimu 7,000,000. Kila mwezi anahitaji 900,000 kwa pango, umeme na nyumbani, na kazi ndogondogo za vitanda na milango zinamletea 700,000 baada ya gharama zake. Kwa hiyo kila mwezi wa kawaida unamega 200,000 kutoka kwenye akiba.

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni mkopo. Tuseme taasisi ya mikopo inampa 5,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi ikikokotolewa kwenye mkopo wote. Marejesho ni 416,667 ya mtaji na 150,000 ya riba, jumla karibu 567,000 kila mwezi. Akishanunua kila kitu anabaki na 600,000. Mwezi wa kwanza anahitaji 567,000 za marejesho na 200,000 za pengo, jumla 767,000. Ameishiwa kabla ya siku 30 kutimia, na hakuna aliyemchelewesha bado. Kosa halipo kwenye riba peke yake. Lipo kwenye umbo la mkopo: marejesho ni ya kila mwezi, mapato ni ya mara moja, siku isiyojulikana.

Mkopo wa aina nyingine ni ule unaotolewa kwa dhamana ya LPO au ya ankara iliyokubaliwa, unaolipwa kwa mkupuo malipo yakiingia. Baadhi ya benki zinao. Kwa kawaida benki hutaka barua ya halmashauri ikithibitisha LPO na kuahidi kwamba malipo yatapitia akaunti ya benki hiyo bila kubadilishwa, kwa hiyo anza kuiomba barua hiyo mapema, nayo ni karatasi inayohitaji saini ya mkurugenzi. Kwa riba ileile ya 150,000 kwa mwezi inayokusanywa mwishoni, 600,000 zilizobaki zinaziba pengo la 200,000 kwa miezi mitatu. Na kwa kila mwezi, riba inakula shilingi 1,000 ya faida ya kila dawati. Miezi sita ni 900,000, na faida imeshuka kutoka 2,100,000 hadi 1,200,000. Hata hivyo baada ya mwezi wa tatu mama hana cha kula, faida ya karatasi isimdanganye.

Njia ya tatu ndiyo ningemshauri. Kabla ya kusaini, aombe oda igawanywe kwa mikupuo miwili, madawati 75 kila mmoja, na kila mkupuo uwe na ukaguzi na ankara yake. Mkupuo wa kwanza unagharimu 5,700,000. Anabaki na 1,300,000, na pengo la 200,000 kwa mwezi linazibwa kwa miezi sita na nusu bila mkopo wowote. Akilipwa, zinaingia 6,615,000 baada ya zuio, ndipo anaanza mkupuo wa pili. Ubaya wake ni kwamba halmashauri inaweza kukataa, hasa kama shule zinafunguliwa Januari na madawati yanatakiwa yote. Pia shule ni tano, hazigawanyiki sawa kwa mbili, kwa hiyo mgawanyo wa 60 na 90 unaweza kuwa rahisi kukubalika. Akianza na 90 atatumia 6,840,000 na kubaki na 160,000, jambo ambalo halivumiliki. Aanze na shule mbili.

Na kama hawagawanyi? Basi ama apate mshirika wa kubeba nusu ya malighafi kwa makubaliano ya maandishi, ama aiache oda. Kuacha oda ya milioni 13 kunauma, lakini angalau karakana inabaki wazi kwa wateja wa vitanda.

Hesabu hii inaweza kufanywa na yeyote kwa maswali mawili. Nikishatoa gharama zote za oda, ninabaki na shilingi ngapi? Kila mwezi ninapungukiwa ngapi, pamoja na marejesho yoyote? Gawanya la kwanza kwa la pili, utapata miezi unayoweza kusubiri. Ikiwa chini ya mitatu kwa fedha ya mradi iliyopo, au chini ya sita kwa mapato ya ndani, mimi nisingeipokea oda ilivyo. Vipimo hivyo ni vyangu, vya mtu mwoga kidogo. Lakini usihesabu deni la halmashauri nyingine kama fedha uliyonayo. Madai mawili yanayosubiri huwa yanachelewa kwa sababu ileile na kwa wakati uleule.

Kufuatilia bila kugombana

Ukiingia ofisini na kuuliza “malipo yangu vipi?” utajibiwa “yanashughulikiwa”, na jibu hilo ni la kweli siku zote. Uliza hatua. Baada ya masjala na mkurugenzi, faili hushuka idara husika, kisha ununuzi, kisha uhasibu ambako vocha huandaliwa, kisha ukaguzi wa awali, kisha mweka hazina, kisha idhini ya mkurugenzi ndani ya mfumo, kisha benki. Kwa hiyo maswali ni haya: vocha imeandaliwa, namba yake ngapi, imepita ukaguzi wa awali? Mtu akiwa na namba mbele yake hujibu kwa namba.

“Faili lako lilirudi ununuzi, mama,” mhasibu anaweza kusema.

“Lilirudi lini mwanangu, na limekosa nini?”

“Ijumaa. GRN haina saini ya mtunza stoo.”

Hilo ni jibu unaloweza kulifanyia kazi kabla ya saa nane mchana. Liandike kwenye daftari la madai: tarehe, uliyezungumza naye, faili lilipo, kinachokosekana. Nenda au piga simu mara moja kwa wiki. Kila siku ni kero, na mara moja kwa mwezi faili linafunikwa na mengine. Siku 30 baada ya muhuri wa masjala, andika barua ya kukumbushia ukirejea ile ya kwanza. Kama mkataba wako una kipengele cha muda wa malipo, kitaje kwa namba yake bila maneno makali. Anayedai “chai” ili vocha isogee, jibu lake ni lilelile la ofisi yoyote ya umma, na TAKUKURU wana ofisi wilayani.

Mwaka ukifungwa hujalipwa

Mwezi Juni mwanzoni, kama faili bado lipo njiani, badili lengo. Usikimbizane na malipo tu, kimbizana na uthibitisho wa deni. LPO isiyolipwa haivuki mwaka kama ilivyokuwa, na fedha iliyokuwa imeshikiliwa huondoka nayo. Deni lako halifi, lakini linahitaji kuingizwa kwenye orodha ya madeni ya wazabuni na kupangiwa fedha upya. Andika barua ukiomba halmashauri ithibitishe kwa maandishi kwamba inadaiwa kiasi fulani kwa LPO fulani. Barua hiyo ndiyo itakayokusaidia wahakiki wa madeni watakapokuja. Wahakiki hutaka kuona nyaraka halisi, na kwa kawaida dai lisilo na LPO au uthibitisho wa mapokezi hukataliwa hata kama madawati yanakaliwa na watoto mbele ya macho yao.

Julai inapoanza, omba kujua deni limewekwa kasma ipi. Likikosekana kwenye bajeti mpya, zungumza na mweka hazina kuhusu mapitio ya bajeti ya katikati ya mwaka, na diwani wa kata yako naye anaweza kuliuliza kwenye kamati ya fedha.

Mahakama ni njia ya mwisho, na ina masharti yake. Anayetaka kuishtaki halmashauri lazima atoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa kwenye shauri. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, na barua ya halmashauri inayokiri deni huanzisha hesabu ya muda upya. Kwa deni la milioni 13, gharama za wakili na muda wa shauri zinaweza kumeza sehemu kubwa ya unachodai, kwa hiyo wengi huishia kwenye notisi. Notisi iliyoambatana na faili kamili, lenye mihuri ya masjala na barua ya kukiri deni, hufika kwenye meza ya mwanasheria wa halmashauri, naye ndiye atakayelazimika kumweleza mkurugenzi kwa maandishi kwa nini bado halijalipwa.